Premia au kuachia kawaida? Namba za kwaya moja ya Uyole

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ndiye msimamizi wa chaneli ya YouTube ya kwaya yetu hapa Uyole, Mbeya. Waliojisajili ni 6,100. Mwezi uliopita tulizindua wimbo kwa premia, ile ya watu kutazama kwa pamoja saa iliyopangwa huku wakichati, Jumamosi saa 2 usiku. Waliokuwa wakitazama kwa pamoja walifika 84, chati ikapata meseji 312, na saa 24 zilipotimia video ilikuwa imetazamwa mara 640. Wiki mbili baadaye tukaachia wimbo mwingine kawaida, Jumapili saa 7 mchana. Komenti zilikuwa 9 tu, lakini saa 24 zikaisha ikiwa 910. Mwenyekiti anasema premia ndiyo ilifanya vizuri, ile chati iliwaka. Mhazini anasema tulipata hasara. Halafu kwenye YouTube Studio, kule kwenye takwimu za chaneli, siku ya kwanza ya wimbo wa premia inaonyesha 402, siyo 640. Tumwamini nani? Nimekutumia picha zote za skrini."

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vema sana kupiga picha ya skrini kila dakika wakati wimbo unaendelea, maana bila hizo ningekujibu kwa kukisia. Nianze na ile 402, kwa sababu usipoielewa kila ulinganisho unaofuata utakwenda upande.

Hakuna watazamaji waliopotea. Jedwali la siku kwa siku ndani ya YouTube Studio hufuata saa za Pasifiki, yaani saa za California, si za Mbeya. Usiku wa manane wa kule huangukia saa 4 asubuhi ya kwetu wanapokuwa kwenye majira yao ya joto, na saa 5 asubuhi wanapokuwa kwenye majira ya baridi. Sasa fuatilia. Premia yenu ilianza Jumamosi saa 2 usiku. Ilipofika Jumapili saa 4 asubuhi, Jumamosi ya YouTube ikafungwa. Siku ya kwanza ya wimbo huo kwenye jedwali ilikuwa na saa 14 tu, na nyingi kati ya hizo watu walikuwa wamelala. Wimbo wa pili mliuachia Jumapili saa 7 mchana, kwa hiyo siku yake ya kwanza ilibaki wazi hadi Jumatatu saa 4 asubuhi, saa 21. Majira ya kule yakibadilika, ongeza saa moja kila upande. Tofauti ya saa saba kati ya nyimbo hizi mbili inabaki palepale.

Nimeshawasikia waimbaji wengi wa huku Nyanda za Juu wakilalamika kwamba premia huua wimbo, na wanayemlaumu ni huo mstari wa jedwali. Uache. Ndani ya Studio kuna kadi ya Realtime inayoonyesha saa 48 zilizopita kwa vijiti, kila kijiti saa moja. Jumlisha vijiti 24 kuanzia saa ile wimbo ulipoanza kupigwa. Njia rahisi zaidi ni uliyoitumia wewe: weka kengele kwenye simu, saa 24 zikitimia fungua video, piga picha ya namba. Hesabu ianze pale wimbo ulipoanza kusikika, si pale mlipotengeneza ukurasa wa premia, kwa sababu ukurasa huo huwa wazi siku kadhaa kabla na hauna cha kutazama zaidi ya tangazo. Ile namba ya watu wanaosubiri nayo msiichanganye na kutazamwa. Wanaosubiri wanasubiri tu, na baadhi yao huondoka kabla ya noti ya kwanza.

Kwa hiyo namba halali za saa 24 ni 640 na 910, kama ulivyoziandika. Sasa tuingie kwenye ile 84, iliyompendeza mwenyekiti.

Watazamaji wa wakati mmoja si idadi ya watu waliofika. Ni idadi ya waliokuwapo kwa pamoja katika dakika moja, na 84 ni kilele chake tu. Video ikiachiwa kawaida nayo ina watazamaji wa wakati mmoja, ila hakuna anayewaona kwa sababu kila mtu anaanza wimbo wake kwa saa yake. Tuzipige hesabu zako. Wimbo wa premia una dakika saba, na kwenye picha zako dakika ya kwanza walikuwa 41, kisha 63, 84, 79, 66, 52, na ya mwisho 37. Ukijumlisha unapata 422. Hizo ni dakika za kutazamwa: kila mtu aliyekuwapo katika dakika ile ametoa dakika yake moja. Gawanya kwa saba, wastani ni watu 60, si 84.

Je, ni watu wangapi tofauti walipita? Hilo linategemea kila mmoja alikaa muda gani. Tukichukulia kwamba mtu wa kawaida alikaa dakika nne kati ya saba, 422 gawa kwa nne ni kama watu 105. Kama walikaa tano, ni 84 au 85. Kwa vyovyote vile, uzinduzi wenyewe ulileta kama mtu mmoja kati ya sita hadi wanane waliohesabiwa katika zile saa 24. Wengine wote, zaidi ya mara 500, walikuja baada ya premia kwisha, wakaikuta imelala kwenye chaneli kama video nyingine yoyote. Hapo ndipo siku ya kwanza ilipotengenezwa, na hapo kwaya nyingi huwa zimeshafunga simu zikaenda kulala.

Uone jinsi kilele kinavyodanganya, igeukie video ya kawaida. Studio inaonyesha wastani wa kutazamwa kwa wimbo ule ulikuwa dakika 2 na sekunde 45. Mara 910 kwa muda huo ni takribani dakika 2,500. Zitawanye kwenye dakika 1,440 za siku nzima, unapata watu chini ya wawili kwa wakati mmoja. Upande mmoja 84, upande mwingine hata wawili hawafiki, na bado huo wa pili ndio uliotazamwa mara nyingi zaidi. Ni sawa na kanisa lililojaa kwenye ibada ya saa moja asubuhi na duka la pale stendi linaloingiza mteja mmoja mmoja mpaka jioni: ukipita mara moja ukachungulia, utadhani duka halina watu.

Hata kwa wakubwa ni hivyohivyo. Mei 2021 kundi la BTS la Korea Kusini lilizindua wimbo kwa premia, watazamaji wa wakati mmoja wakafika milioni 3.9, rekodi kwa wakati ule. Saa 24 zilipokwisha YouTube ikatangaza mara milioni 108.2. Kilele chao, pamoja na jeshi lao lote la mashabiki waliokaa macho, hakikufika nne katika kila mia ya kutazamwa kwa siku ya kwanza. Chenu, 84 kwa 640, ni kama kumi na tatu katika mia. Hilo halimaanishi mmewashinda. Linamaanisha kwamba watu wenu wa karibu ni sehemu kubwa ya watazamaji wenu wote, na nje ya hapo bado hamjajulikana sana. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa iliyomo kwenye picha zako, na hakuna aliyeiona kati ya mwenyekiti na mhazini.

Chati inathibitisha jambo hilohilo. Meseji 312 kwa dakika saba na zile za kusubiri ni nyingi, na ninaelewa kwa nini mioyo ilichangamka. Lakini nilipitia marudio ya chati uliyonipigia picha nikahesabu majina badala ya meseji. Walioandika ni 29. Kati yao 17 ni majina uliyonithibitishia kuwa ni wanakwaya wenyewe. Mwanakwaya mmoja ameandika "Amina" mara nyingi kiasi kwamba ukimwondoa yeye peke yake chati inapungua waziwazi. Wa nje wanabaki 12. Kwenye wimbo wa kawaida, komenti 9 zilitoka kwa watu 9, na saba si wa kwaya. Kumi na wawili kwa saba. Tofauti ipo, ila si ile ya 312 kwa 9 iliyotajwa kwenye kikao.

Chati na komenti ni vitu viwili, hata zote zikiwa maneno. Chati ina mwendo kwa sababu mtu anamjibu mwenzake palepale, basi meseji moja inazaa tano. Komenti inaandikwa na mtu aliye peke yake, ameshasikiliza, ameamua kusema neno. Ukitaka kuzilinganisha, hesabu watu, ondoa wa nyumbani, kisha uone ni wangapi kati ya kila mia waliotazama. Meseji kwa jumla yake inapima zaidi kasi ya vidole.

Lakini nisiidharau chati, maana ina kitu ambacho komenti haitoi. Kila meseji imefungwa kwenye sekunde yake ya wimbo. Ukiyafungua marudio, dakika ya tatu na sekunde kama arobaini, pale sauti ya pili inapobaki peke yake kabla ya besi kurudi, meseji zinamiminika: mmoja yuko Tunduma anauliza anayeimba pale ni nani, mwingine wa Mbarali anaandika "rudieni hapo", wa tatu ameandika jina la mwimbaji na mioyo mitatu. Kata sekunde 30 za kipande kile muweke kama video fupi, na muiunganishe na wimbo mzima kwa sehemu ya Related video ndani ya Studio. Watazamaji wenyewe wamewaonyesha mahali wimbo unaposhika. Kwa hilo peke yake, premia ile ilikuwa na faida.

Turudi kwenye mkunjo wa zile namba za dakika, 41 hadi 84 kisha kushuka. Wimbo ulianza na watu 41 na ulifika kilele dakika ya tatu. Maana yake nusu ya watu wenu walichelewa. Anayechelewa kwenye premia hutupwa pale wimbo ulipofika. Anaweza kurudisha nyuma, lakini kwenye simu wengi hawajui, na kwenda mbele ya wenzake hawezi. Wengi wa waliochelewa hawakusikia utangulizi wala beti la kwanza. Waliojiwekea kikumbusho hupata arifa kama nusu saa kabla, na nyingine premia inapoanza. Arifa ya pili inafika mtu yuko jikoni au anatafuta bando. Kisha YouTube huweka hesabu ya kurudi nyuma, dakika mbili isipobadilishwa, ndipo wimbo uingie. Dakika mbili ni chache mno kwa watu wetu. Tangazeni kwenye makundi ya WhatsApp kwamba "tunaanza saa 1:45 usiku", premia iwekwe saa 2 kamili, na robo saa ile mwalimu wa kwaya na wawili watatu wakae kwenye chati wakipokea wageni kwa majina. Utaona dakika ya kwanza inaanza na watu wengi zaidi, hata kama kilele hakitabadilika sana.

Kuna dhana moja niliyoiona kwenye maelezo yako mengine, kwamba premia inahitaji intaneti kali usiku ule na kwamba umeme ukikatika Uyole mambo yameharibika. Hapana. Hayo ni ya matangazo ya moja kwa moja. Premia ni video iliyokwishapandishwa, iko kwenye mitambo ya YouTube, nayo itaanza saa yake hata simu zenu zote zikiwa zimezimika. Kinachohitaji intaneti ni kuipandisha, na kuisubiri ichakatwe mpaka ubora wa HD uwe tayari. Pandisheni angalau siku moja kabla, chagua Schedule, weka alama kwenye Set as Premiere, kisha fungua ukurasa kwa simu nyingine isiyo ya chaneli mhakikishe picha ya jalada na saa viko sawa. Anayebeba mzigo wa mtandao usiku ule ni mtazamaji. Kijana wa kijijini Rungwe mwenye bando la usiku wa manane hatakuwapo saa 2. Atatazama baadaye, naye anahesabika sawa na wengine.

Sasa nani yuko sahihi? Kwa namba za saa 24, mhazini: 910 imezidi 640 kwa kama asilimia 42. Lakini angalia muda. Wastani wa kutazamwa kwa wimbo wa premia ulikuwa dakika 3 na sekunde 20, kwa sababu waliokuja pamoja walivumilia zaidi. Mara 640 kwa muda huo ni dakika 2,130 hivi, dhidi ya zile 2,500. Tofauti imeshuka hadi asilimia 17 hivi. Na hata hiyo siwezi kukuambia imetokana na premia, kwa sababu mmebadilisha vitu vitatu kwa mkupuo: wimbo, siku, na saa. Wimbo wa pili ni wa shukrani, una mdundo, uliachiwa Jumapili watu wametoka ibadani wameshika simu. Pengine hata ungeuzindua kwa premia ungeshinda. Nyimbo mbili hazitoshi kuamua kesi hii, na ninaomba mwenyekiti na mhazini wasiendelee kuzibeba kama ushahidi.

Mkitaka kujua kweli, chukueni nyimbo sita zijazo. Zote ziachiwe siku moja ya wiki na saa ileile, Jumapili saa 10 jioni kwa mfano, linki zitumwe kwenye makundi yaleyale, picha za jalada zitengenezwe na mtu yuleyule. Nyimbo zipi tatu ziwe premia msichague ninyi, maana mtaipa premia nyimbo mnazozipenda. Andikeni majina kwenye vikaratasi mvute. Kwa kila wimbo andika vitu vinne tu: kutazamwa baada ya saa 24 kamili, wastani wa muda, idadi ya watu wa nje walioandika chati au komenti, na kutazamwa baada ya siku saba. Upande wa premia ongeza namba za kila dakika kama ulivyofanya. Mwisho linganisha namba ya katikati ya kila kundi la tatu, si kubwa kuliko zote, kwa sababu wimbo mmoja ukisambaa kwa bahati unaweza kuficha ukweli wa mingine miwili. Tofauti ikiwa ndogo kuliko ile mnayoiona kati ya nyimbo mbili zilizoachiwa kwa namna moja, hesabu kwamba hakuna tofauti.

Wakati mkisubiri matokeo, ningekuwa ninyi ningeiweka premia kwa matukio ambayo watu wana sababu ya kukutana: uzinduzi wa albamu, wimbo wa Pasaka au Krismasi, wimbo mlioimba na kwaya ya Iringa au Njombe ambayo italeta watu wake kwenye chati. Video ndefu inafaidi zaidi, maana mkusanyiko unapata muda wa kujaa. Wimbo wa dakika tatu unakwisha watu wakiwa bado wanaingia. Nyimbo nyingine zote ziachie kawaida, ili anayekutana nayo kwenye ukurasa wake aisikilize papo hapo. Mkiweka premia, ukurasa wake usikae wazi wiki nzima. Siku mbili zinatosha, kwa sababu mgeni anayeugonga akakuta hesabu ya kurudi nyuma mara nyingi haondoki na kikumbusho, anaondoka tu. Na akitokea mtu wa kuwauzia "watazamaji wa pamoja" ili kilele kifike elfu moja, mkataeni kabisa. Ni kinyume cha kanuni za YouTube, kutazamwa kwa namna hiyo hufutwa, na zile namba za dakika mnazozihitaji zitakuwa hazisomeki tena.

Yako mambo mawili ambayo usiyamalize kwa maandishi, tafuta mtu mkae naye meza moja. La kwanza ni kama namba ya video ikishuka ghafla au ikiganda kwa siku kadhaa, wakati Studio inaonyesha chanzo cha watazamaji msichokijua. La pili nimeliona kwenye picha zako: watu wanne wa kwaya mnatumia nenosiri moja la akaunti. Kabla ya premia nyingine, ingia Settings, kisha Permissions, kila mmoja aalikwe kwa barua pepe yake na apewe ngazi inayomfaa. Mhazini na mwenyekiti inawatosha Viewer, wataona namba zote bila kuweza kufuta chochote. Atakayewasaidia ana kwa ana naye mpeni ngazi hiyohiyo, nenosiri abaki nalo mmoja wenu.